Usiombe namba ya meneja, omba maelezo yako yafikishwe

"Nina miaka minne kwenye kampuni ndogo ya klaring Kurasini, dawati la nyaraka za transiti. Kwa mwezi napitisha faili kama 35, nyingi za Lubumbashi na Ndola. Kampuni kubwa ya usafirishaji imetangaza nafasi ya mratibu wa transiti, mwisho wa maombi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kuna kaka niliyefanya naye kazi miaka miwili, sasa yuko kwa wakala wa meli pale Posta, na najua anaongea na meneja wa kitengo hicho karibu kila wiki. Hatujawasiliana mwaka na nusu. Nataka kumwomba namba ya huyo meneja lakini naona aibu, ataona nimemkumbuka kwa sababu nina shida. Tena sitaki ionekane nabebwa. Nimwandikie nini?"

Namba usiiombe, dada. Najua mjini hapa ndiyo tulivyozoea, mtu akikupa namba unaona ameshakusaidia, lakini fikiria namba hiyo itakufikisha wapi. Nimeajiri watu wa nyaraka na wa uendeshaji kwa zaidi ya miaka kumi, na simu ya mtu wa kitengo cha transiti, yaani mizigo inayopita nchini kwenda nchi jirani, saa tatu asubuhi naijua. Kuna dereva amekwama Tunduma, kuna mteja anauliza kontena lake liko wapi, kuna wakala hajatoa deliveri oda, ile hati ya kuruhusu mzigo uchukuliwe. Katikati ya hayo inaingia namba isiyo na jina: "Habari za kazi bosi, samahani kwa usumbufu." Haifunguliwi. Si kwa dharau, ni kwamba mpaka jioni itakuwa imezikwa chini ya nyingine sitini.

Sasa ujumbe huohuo uingie kutoka kwa kaka yako wa Posta. Jina lake limehifadhiwa, na akiandika huwa ni jambo linalohusu mzigo, kwa hiyo unafunguliwa papo hapo. Hicho ndicho unachokwenda kuomba: nafasi ndogo kwenye simu ya meneja ambayo mwenzako ameijenga kwa kazi ya wiki baada ya wiki. Ukichukua namba na kuandika mwenyewe, nafasi hiyo inabaki kwake, wewe umebeba tarakimu tu.

Kuhusu kubebwa, mimi natumia kipimo kimoja. Jiulize kama meneja anaweza kukukataa bila mwenzako kukosana naye. Kama anaweza, basi umetambulishwa tu: sivii yako imesomwa na mtu anayejua kazi badala ya kupitiwa harakaharaka kwenye rundo, halafu unashindanishwa na wengine. Kama hawezi, kwa sababu mtu wa kati ni mkwe wake au ndiye anayemshikia mkataba, hapo umebebwa, na ukiingia kwa mlango huo ofisi nzima itajua kabla hujaonyeshwa kiti. Hali yako ni ile ya kwanza. Na ili ibaki hivyo, tuma maombi yako rasmi kwanza, kwa njia ileile iliyotajwa kwenye tangazo, ndipo umtafute kaka yako. Kwa namna hiyo hamwombi meneja kukiuka utaratibu, mnamwonyesha jina ambalo tayari lipo kwenye orodha yake.

Hapo kuna jambo moja la kuangalia. Mwenzako hafanyi kazi kwenye kampuni hiyo, ndiyo maana nasema tuma kwanza. Angekuwa mfanyakazi wa ndani ningekuambia umuulize kabla ya kutuma, kwa sababu baadhi ya kampuni zina utaratibu wa wafanyakazi kupendekeza watu, na pendekezo halihesabiki kama jina lako limeshaingia kwenye mfumo. Na kama nafasi ingekuwa ya utumishi wa umma ningekuambia uache kabisa habari ya kutambulishwa. Huko maombi yanakwenda Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal, na mtu wa kukusemea hakufai kitu, anaweza hata kukuharibia.

Aibu ya mwaka na nusu naielewa, ila inakudanganya. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, akiwauliza walikuwa wakionana naye mara ngapi wakati ule. Waliokuwa wakionana mara mbili kwa wiki au zaidi walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana zaidi ya mara moja kwa mwaka lakini chini ya mara mbili kwa wiki, na asilimia 27.8 walionana mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo. Sababu si ngumu kuiona. Rafiki unayekula naye chipsi kila Ijumaa anajua ofisi zilezile unazozijua wewe. Aliyehamia Posta anajua watu ambao wewe huwajui, na bado anakumbuka ulivyokuwa unafanya kazi.

Kinachomuudhi mtu si ukimya, ni kuzungushwa. Usianze Jumatatu na "mambo kaka", Jumanne ukauliza watoto, Alhamisi ndipo utoe la moyoni. Akifika Alhamisi ameshajua salamu zote zilikuwa chambo. Kiri kwamba umepotea, kwa sentensi moja, na useme shida yako kwenye ujumbe huohuo. Usitume kwa sauti pia. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu hausikilizwi ofisini, na hata akiusikiliza hawezi kumpelekea meneja.

Tuje kwenye uandishi wenyewe. Unaandika jumbe mbili tofauti, na naomba zisichanganyike. Wa kwanza ni wako na yeye. Wa pili ni maelezo mafupi ambayo atayapeleka kama yalivyo. Sababu iko kwenye WhatsApp yenyewe: ukipeleka ujumbe wa mtu kwa mwingine, unakwenda wote, salamu na siri zilizomo. Na anayeupokea haoni ulitoka kwa nani, anaona alama tu kwamba umepelekwa. Kwa hiyo maelezo yasiyo na jina wala namba yako ndani yake yakifika kwa meneja ni yatima.

Hili nililijua kwa kuchoma mtu. Kijana mmoja aliniandikia kila kitu kwenye ujumbe mmoja: salamu, uzoefu wake, na katikati sentensi kwamba bosi wake wa sasa anachelewesha mishahara. Nilikuwa barabarani, nikaona maelezo yake ya kazi ni mazuri, nikaupeleka wote bila kuusoma hadi mwisho. Meneja niliyempelekea alikuwa rafiki wa huyo bosi, walisoma wote. Kijana hakupata kazi mpya, na ile ya zamani ilimwia chungu kwa miezi kadhaa. Kosa lilikuwa langu, lakini aliyeumia ni yeye. Watu wa bandari tunaona ni wengi, kumbe ni ukoo mmoja.

Ujumbe wa kwanza ningeuandika hivi:

"Kaka habari za siku nyingi. Ni (jina lako), tulikuwa wote klaring Kurasini, dawati la transiti. Nimepotea sana, naomba radhi. Nina ombi moja. Kampuni ya (jina) wametangaza nafasi ya mratibu wa transiti na jana nimetuma maombi kwenye tovuti yao. Nakumbuka unafanya kazi kwa karibu na meneja wa kitengo hicho. Kama unaona inafaa, naomba umuulize kama naweza kumfikishia maelezo yangu mafupi. Nimeshayaandika, nakutumia hapa chini pamoja na sivii, ili usipate kazi ya kuandika. Kama hamjazoeana kiasi hicho, au unaona wakati si mzuri, niambie tu, wala sitajisikia vibaya. Bado niko kazini palepale, kwa hiyo naomba libaki kati yetu na yeye."

Angalia lile ombi. Hujamwambia "niombee kazi", maana hilo hana uwezo nalo. Umemwomba aulize swali moja ambalo jibu lake linaweza kuwa hapana. Meneja akijibu "sawa, nitumie", ameshakubali mwenyewe kuyasoma, na hilo lina uzito kuliko kurushiwa faili asilolitarajia. Ule mlango wa kutokea uliomwachia mwenzako nao si adabu tu. Yeye anaweka jina lake mbele ya mtu anayemhitaji kila wiki kwa kazi yake. Huenda juzi walizozana kuhusu demareji, ile tozo ya kontena lililochelewa, na hataki kumgusa mwezi huu. Usipompa njia ya kukataa atakuambia "sawa, nitamcheki" na hatafanya kitu, na wewe utakaa ukisubiri mpaka Ijumaa ipite.

Ujumbe wa pili, ndio wenyewe wa kupelekwa:

"Naitwa (jina kamili). Nina miaka 4 kwenye nyaraka za transiti hapa Dar es Salaam. Kwa mwezi napitisha faili kama 35, nyingi za Lubumbashi na Ndola: naingiza kwenye TANCIS, nashughulikia FERI kwa mizigo ya Kongo, na nafuatilia bondi hadi ifutwe baada ya mzigo kutoka Tunduma. Tarehe (…) nimeomba nafasi yenu ya mratibu wa transiti kupitia tovuti. Naomba maombi yangu yapitiwe. Nikihitajika kwa maongezi mafupi, napatikana kuanzia saa 11 jioni. Bado niko kwenye ajira, naomba isambazwe kwa uangalifu. Simu: (…). Sivii imeambatanishwa."

Ni maneno kama 80, na kwenye simu yanasomeka bila kubonyeza pa kufungua zaidi. Nimeyaandika kwa nafsi ya kwanza makusudi. Wapo wanaoshauri uandike "Fulani ni mchapakazi hodari" ili mwenzako ayatume kama maneno yake. Sipendi, kwa sababu meneja hawezi tena kujua nani anasema nini. Wewe sema ulichokifanya, yeye aseme alichokiona.

Kilicho na nguvu humo ni ile sentensi ya faili 35. TANCIS ni mfumo wa forodha na FERI ni hati ya mizigo inayoingia Kongo, meneja hahitaji kuelezwa. Mtu wa transiti akisoma kwamba unafuata bondi, yaani dhamana ya kodi ya mzigo unaopita nchini, hadi ifutwe, anajua umeshawahi kukosa usingizi kwa ajili ya gari lililovuka mpaka lakini kwenye mfumo linaonekana halijatoka. Hiyo huwezi kuiandika kama hukuifanya, au ukiiandika swali la pili la usaili litakuumbua. Maneno kama "mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi kwenye mazingira magumu" nimeyaacha nje yote, yamo kwenye kila sivii niliyowahi kupokea. Nimeacha pia mshahara, sababu za kutaka kuondoka, na majina ya wateja. Utaona hata jina la kampuni yako ya sasa halimo. Liko kwenye sivii, litaonekana kwa atakayefungua. Maelezo yenyewe yanaweza kuzunguka simu tano kabla ya jioni, na hujui ya sita ni ya nani. Weka namba zako za kweli, na kama mwezi mwingine zinashuka hadi 28, andika "kati ya 28 na 35".

Sivii iwe PDF, na jina la faili liwe jina lako na nafasi unayoomba. Mwenzako atakapoipeleka, jina la faili litaonekana kwa meneja kabla hajafungua. "cv mpya final 2" haimwambii kitu, na wiki ijayo akiitafuta kwenye simu hataipata.

Kuna jambo moja ambalo huwezi kuliandika wewe, nalo ndilo zito kuliko yote: sentensi ya mwenzako. Meneja atapima kwa jinsi alivyotambulisha. "Kuna dada anatafuta kazi" ni salamu tu. "Nilikaa naye dawati moja miaka miwili, faili likimfika halipotei" ni ushahidi. Huwezi kumwamuru aseme hivyo, lakini unaweza kumkumbusha. Akishakubali, mwandikie kwa mfano: "Akikuuliza kuhusu mimi, labda unakumbuka zile kontena za Lubumbashi zilizokwama kwa tofauti ya uzito kwenye bili ya meli, tulivyozihangaikia." Chagua tukio ambalo yeye alikuwepo na aliliona kwa macho. Lisipokuwepo, usilitunge. Mwache aseme kidogo cha kweli.

Anaweza pia kukujibu: "Namba yake hii hapa, mwambie mimi nimekupa." Hiyo ni nusu ya utambulisho na mara nyingi mtu anaitoa kwa nia njema kabisa. Usiitumie hapohapo. Mjibu: "Asante sana kaka. Ungemtonya kwanza kwa mstari mmoja kwamba nitamwandikia, ingenisaidia zaidi." Akifanya hivyo, andika, na sentensi ya kwanza iwe jina la mwenzako na mlikofanya kazi pamoja. Akikaa kimya, subiri siku moja kisha uandike, ila usiseme "amenituma" kama hakukutuma. Sema amekupa namba. Meneja atamuuliza, na majibu yenu yakitofautiana umeharibu kwa wawili.

Kwa muda ulionao, mtumie mapema wiki hii, si siku mbili kabla ya mwisho wa maombi. Anahitaji siku ya kumpata meneja, meneja anahitaji siku ya kujibu. Ukipita siku nne za kazi bila neno, mkumbushe mara moja tu: "Kaka, nakukumbusha lile ombi langu, mwisho ni Ijumaa. Kama haikuwezekana hakuna shida." Baada ya hapo acha. "Nitaangalia" mbili mfululizo ni hapana iliyovaa kanzu. Maombi yako rasmi yapo, hujapoteza kitu. Ila kama ni mtu aliyekuzidi sana umri au cheo, au mliachana kwa kutoelewana kidogo, hizi jumbe zisiwe za kwanza kabisa. Piga simu, au pita Posta saa ya chakula cha mchana umsalimie ana kwa ana, useme shida yako palepale, na maelezo uyatume baadaye akishakubali.

Meneja akikuandikia, jibu siku ileile. Kama mwenzako amewaweka wote kwenye barua pepe moja, mshukuru kwenye mstari wa kwanza na umwondoe kwenye mazungumzo, hana haja ya kusoma mkipanga saa. Uwe na jibu la swali ambalo karibu kila meneja anauliza, yaani unaweza kuanza lini. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi, kwa hiyo usome kabla hujataja tarehe. Ukikuta humo kifungu kinachokuzuia kufanya kazi kwa mshindani, usikitafsiri kwa kuuliza watu kwenye kundi la WhatsApp. Mpelekee mwanasheria au afisa kazi akione kwa macho. Na ikitokea mtu yeyote katika mnyororo huu akakutajia "ya soda" ili jina lako lifike mbele, simama hapo. Hiyo si njia ya kutambulishwa tena, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113.

La mwisho ni la kaka yako. Watu wengi wakishaitwa kwenye usaili wanasahau kumwambia aliyewaunganisha, wakidhani watamshukuru matokeo yakitoka. Mwambie kabla hujaingia, hata kwa mstari mmoja: "Nimeitwa Jumatano saa nne." Meneja anaweza kumpigia Jumanne usiku kuulizia deliveri oda na mwisho wa simu akauliza, "Hivi yule dada wako ni mtu wa namna gani?", na ni vizuri awe na jibu tayari kuliko kuanza kuuliza kwani umeitwa lini.